Kugeuza Maswali ya WhatsApp Kuwa Somo la Kila Wiki: Mwongozo Kamili kwa Fundi wa Kuranti wa Lubumbashi

Fundi mwenzangu, kama unafanya kazi Katuba, Kenya au Ruashi, najua simu yako inavyoamka. Hujanywa chai, tayari kuna ujumbe tatu: dijonkta inaanguka, ampuli zinapepesa, frigo haigandishi tangu kuranti irudi. Unajibu mmoja mmoja, kwa maneno yale yale uliyoandika juzi.

Mafundi wengi wameniambia wameamua kuyageuza majibu hayo kuwa masomo ya kila wiki kwenye statasi au Facebook, halafu wakakwama. Wiki ya kwanza inapendeza, ya pili inalegea, ya tatu hawana cha kusema. Nikiangalia walichoweka naona kasoro ile ile: wameandika wanachokijua wao, hawakuandika walichoulizwa. Mtu anaweka maneno kumi juu ya faida za waya wa ardhini, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari hiyo. Alichoulizwa ni kwa nini frigo inampiga akiigusa bila viatu.

Mwongozo huu unafuata swali moja tu, la dijonkta inayoanguka, kutoka kwenye ujumbe wa mteja hadi somo lililokamilika. Ukilifuata hilo hadi mwisho, maswali mengine utayapitisha njia hiyo hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye WhatsApp Business. Ile ya kawaida inaweza kutumika, lakini Business ina majibu ya kuhifadhi, na tutayahitaji kwenye hatua ya 8.
- Kaye moja ya shule na biki. Usitegemee simu peke yake, maana simu ikiibwa au ikianguka majini, maswali ya miezi yote yanaondoka nayo.
- Karatasi nyeupe na makapeni nyeusi nene, kwa ajili ya picha.
- Dijonkta moja ya zamani, prizi moja na vipande vya waya wa milimita za mraba 1.5, 2.5 na 6. Hivi ni vya kupigia picha mezani, mbali na kuranti.
- Kipimo chako cha volti, ambacho bila shaka unacho.
- Saa moja na nusu kila Jumapili jioni. Ukiigawa vipande vipande kati ya kazi, somo halitaisha.

## Hatua ya 1: Andika maneno ya mteja kama yalivyo

Kwa siku 14 usiposti kitu. Kila swali linaloingia, linakili kwenye kaye neno kwa neno, pamoja na tarehe na saa. La sauti lisikilize mara mbili, kisha andika alivyosema.

Usilisafishe. Mama akiandika, "Fundi, juu ya nini dijonkta inaanguka kila asubui minaweka resho, na mangaribi haianguke?", andika hivyo hivyo. Ukiandika "dijonkta inazidiwa" umeshatia jibu ndani ya swali, tena jibu lenyewe linaweza kuwa si sahihi. Na umefuta neno lenye thamani kuliko yote, yaani *asubui*. Tutalirudia.

Kuna sababu nyingine. Mtu mwenye shida hiyo nyumbani kwake hatafuti neno "uzidifu wa mzigo". Akiona statasi inayoanza na "dijonkta inaanguka nikiweka resho" anasimama hapo hapo, kwa sababu ndivyo alivyosema yeye mwenyewe jana usiku.

Utajua umefanikiwa ukiwa na maswali 15 au zaidi, na ukiyasoma unasikia sauti za watu tofauti. Yote yakifanana na lugha ya kitabu cha ufundi, basi ni sauti yako uliyoandika. Anza tena.

## Hatua ya 2: Yapange kwa dalili

Chukua ukurasa mpya. Weka pamoja maswali yenye dalili moja ambayo mteja anaiona, anaisikia au anaigusa: kinaanguka, kinapepesa, kinapiga, kinanuka, hakiwaki. Usiyapange kwa sababu, kwa kuwa sababu bado hujaithibitisha.

Sasa hesabu. Kundi lenye maswali mengi ndilo somo la kwanza, isipokuwa katika hali moja: kundi lolote la "kinapiga" au "kinanuka moto" linatangulia hata likiwa na swali moja tu. Mtu anayepigwa na frigo yake hawezi kungoja zamu ya wiki ya nne.

Angalia kalenda ya mji pia. Hapa kwetu Juni na Julai usiku ni baridi kali, hita zinatoka chini ya vitanda na maswali ya dijonkta yanaongezeka. Mvua zikianza, mnamo Oktoba na Novemba, yanakuja ya radi, ya prizi za nje zilizoingia maji na ya kuta zinazopiga. Swali la hita ukiliposti Novemba ni sahihi, lakini hakuna atakayelihifadhi.

## Hatua ya 3: Tafuta maswali uliyomrudishia mteja

Hapa ndipo masomo mengi yanapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Mteja akikuambia dijonkta inaanguka, humjibu moja kwa moja. Unamuuliza. Inaanguka papo hapo au baada ya muda? Kuna mlio? Ukichomoa vyote na kuinyanyua, inakaa? Ni ile yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T? Inatokea mvua ikinyesha?

Maswali hayo ndiyo ujuzi wako, na ndiyo somo lenyewe. "Dijonkta inaanguka" ni dalili moja yenye angalau sababu tatu, na kila sababu ina jibu lake:

Inaanguka baada ya muda, dakika kumi, ishirini au zaidi, bila mlio mkubwa, vyombo vingi vikiwa vinafanya kazi. Huo ni mzigo mwingi. Ndani ya dijonkta kuna bamba la metali mbili linalopinda polepole linapopata moto, na likipinda vya kutosha linafyatua.

Inaanguka papo hapo, kwa mlio. Nyaya mbili zimegusana mahali fulani, ndani ya chombo, ndani ya ralonji au ukutani. Hapa bamba halihusiki. Inayofyatua ni koili ya sumaku, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Inaanguka ile yenye kitufe cha kujaribia. Kuranti inavuja kwenda ardhini, pengine kwa kupitia mwili wa chombo. Ile ya milliampea 30 inajikata hata kama mzigo ni mdogo sana, na haimwambii mteja ni wapi panapovuja.

Fundi anayeandika somo moja liitwalo "Sababu tatu za dijonkta kuanguka" anamwachia msomaji kazi ya kuchagua, na msomaji hawezi kuchagua. Yafanye masomo matatu, wiki tatu, kila moja likianza na dalili yake. Swali moja la mteja limekupa chakula cha karibu mwezi mzima, na ndiyo sababu nasema hakuna fundi anayeishiwa masomo akifuata njia hii.

Onyo. Usijibu kwa ulichozoea kukikuta. Kama hukumuuliza mteja, mpigie umuulize kabla hujaandika. Somo lililojengwa juu ya kubahatisha litasomwa na watu mia, na wote watabahatisha pamoja nawe.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya kesi halisi kabla ya kuandika

Turudi kwa yule mama na asubuhi yake. Nilimuuliza ana nini jikoni, akanitumia picha za vibandiko vya nyuma. Resho ni vati 2000, birika la umeme ni vati 2000, na hita ndogo, anayoiweka watoto wakijiandaa kwenda shule, ni vati 1500. Vyote viko kwenye njia moja ya dijonkta ya ampea 16, na waya wake ni wa 2.5.

Ampea zinapatikana kwa kugawa vati kwa volti. Kwa 220:

```
2000 + 2000 + 1500 = 5500 W
5500 ÷ 220 = 25 A
```

Ampea 25 kwenye dijonkta ya 16 ni zaidi ya mara moja na nusu. Ikifika hapo dijonkta nzima lazima ijikate ndani ya saa moja, na mara nyingi inawahi zaidi. Kwake ilikuwa dakika kama ishirini. Mpaka hapo sawa.

Lakini yeye alisema magharibi vyombo ni vile vile na haianguki. Fundi wa haraka angemwambia amesahau, kwamba jioni hawashi hita. Nilikwenda na kipimo saa moja na nusu usiku, mtaa mzima ukiwa unapika. Prizi ilikuwa na volti 180. Vyombo vya kupasha moto havina akili ya kujirekebisha: volti zikishuka, navyo vinavuta ampea chache.

```
25 × 180 ÷ 220 = 20.5 A
```

Ampea 20.5 ni mara 1.28 ya 16. Kwa kiasi hicho dijonkta inaweza kukaa muda mrefu sana bila kuanguka, nayo ni nzima kabisa. Asubuhi mapema watu wachache wanatumia, volti zinapanda hadi 220, ampea zinarudi 25, inaanguka. Mama alikuwa amesema kweli tangu ujumbe wa kwanza. Hata malalamiko yake mengine, kwamba bukari ya jioni inachelewa kuiva, yalitoka hapo hapo: kwa volti 180 resho ya vati 2000 inatoa kama 1340 tu.

Kuna jambo la pili ambalo hesabu ilinionyesha. Akiondoa hita, resho na birika peke yake ni ampea 18. Zimepita 16 kidogo, na dijonkta inaweza isianguke kabisa. Mafundi wengi wanaandika "ukipita 16 inakatika". Msomaji anajaribu nyumbani, haikatiki, anaona fundi hajui kazi. Sema kweli ilivyo: ikizidi kidogo inavumilia, na wakati inavumilia waya na prizi vinapata moto.

Hesabu yako ifanye kwenye kaye. Kwenye somo utaweka mstari mmoja tu.

Utajua umefanikiwa hesabu ikieleza kila neno la mteja, hata lile lililoonekana halina maana. Likibaki neno moja halijaelezwa, hujamaliza kuchunguza.

## Hatua ya 5: Andika somo, maneno 120 hadi 160

Fuata mpangilio huu: swali la mteja, dalili ya kumtambulisha msomaji, sababu kwa mfano mmoja, afanye nini leo, aishie wapi. Hili hapa ndilo nililoweka kwa ajili ya kesi ile:

> *"Fundi, juu ya nini dijonkta inaanguka asubui, na mangaribi haianguke?"*
>
> Kama yako inaanguka baada ya dakika kadhaa, bila mlio mkubwa, wakati resho, birika na hita vinafanya kazi pamoja, somo hili ni lako. Kama inaanguka papo hapo kwa mlio, hili si lako. Niandikie.
>
> Vyombo hivyo vitatu vinavuta ampea 25 kwenye njia ya 16. Jioni kuranti ni dhaifu, vinavuta kidogo, dijonkta inavumilia. Asubuhi kuranti ina nguvu, inaanguka. Dijonkta haijaharibika. Inalinda waya wako usiungue.
>
> Leo fanya hivi: usiweke resho na hita kwa wakati mmoja. Chemsha maji kwanza, chomoa birika, kisha pika. Ikianguka, chomoa vyote, ngoja dakika tano, inyanyue mara moja.
>
> Ikikataa kukaa, iache chini. Usikubali mtu akuwekee dijonkta ya 32 kwenye waya ule ule. Prizi ikiwa nyeusi au ikinuka, shusha dijonkta kubwa na uite fundi.

Angalia kilichoachwa. Bamba la metali mbili halimo, wala koili, wala mara 1.28. Vilinisaidia mimi kuwa na uhakika, na msomaji havihitaji ili apike salama. Aya ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, kwa kuwa inamrudisha nyuma mtu ambaye tatizo lake ni jingine. Bila aya hiyo, mwenye nyaya zilizogusana atachomoa birika na kuendelea kuinyanyua dijonkta mara kumi.

Lugha iwe ya kusomeka Kamalondo na Kampemba pia. Sema prizi, ralonji, kofre, ampuli, kama watu wanavyosema. Neno geni likilazimika, lieleze kwa mfano wa jikoni.

## Hatua ya 6: Chora mstari wa mwisho wa msomaji

Kabla ya kuposti, soma kila sentensi ya kuamuru na ujiulize: mtoto wa miaka kumi na tano akiifanya hii peke yake, kuranti ikiwa ipo, atabaki salama? Kuchomoa chombo kwa kushika kichwa chake, ndiyo. Kunyanyua dijonkta mara moja, ndiyo. Kusoma kibandiko, ndiyo. Kufungua kofre, kukaza skrubu, kugusa waya, kubadili prizi: hapana, hata ukimwambia azime kwanza.

Hili nililijifunza vibaya. Zamani niliandika sentensi fupi, "hakikisha nyaya kwenye kofre hazijalegea". Siku mbili baadaye kijana alinipigia akiwa ameshafungua kofre ya baba yake, bisibisi mkononi, ananiuliza ni skrubu ipi. Dijonkta kubwa ilikuwa juu. Nilimwambia aweke bisibisi chini na asogee nyuma, na nilikaa muda mrefu nikiitazama simu baada ya kukata. Kwangu sentensi ile ilikuwa na maana "nitakapokuja tutaangalia". Kwake ilikuwa amri.

Ile ya dijonkta ya 32 usiiache kamwe kwenye somo la mzigo. Ndiyo "dawa" inayotolewa mitaani kila siku, na inaonekana kufanya kazi kwa sababu dijonkta haianguki tena. Waya wa 2.5 unalindwa na dijonkta isiyozidi 20. Ya 32 inataka waya wa 6. Ukiweka ya 32 kwenye waya wa 2.5, kinachoungua kwanza ni waya, ndani ya ukuta au juu ya plafo, familia ikiwa imelala.

Kwa mteja anayetaka kutumia vyote pamoja, jibu la kweli ni kuvuta njia ya pili kutoka kwenye kofre, na hiyo ni kazi ya kulipwa. Sema hivyo wazi kwa sentensi moja, bila kutaja bei. Bei utaisema ukishaona nyumba.

## Hatua ya 7: Picha moja, iliyopigwa mezani kwako

Picha isitoke nyumbani kwa mteja. Niliwahi kuweka picha ya prizi iliyoungua, sikutaja jina wala mtaa. Jirani akalitambua pazia lililoonekana pembeni, na kabla ya saa sita mchana mteja wangu alikuwa ameshaulizwa na watu watatu kama nyumba yake imeungua. Aliumia, na alikuwa na haki.

Kwa hiyo weka dijonkta yako ya zamani juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha, mchana. Kwa makapeni andika chini yake maneno matatu au manne: RESHO + BIRIKA + HITA = 25. Namba 16 iliyoandikwa kwenye dijonkta ionekane wazi. Msomaji akiiona picha tu, bila maneno, awe ameshaelewa kwamba 25 haiingii kwenye 16.

Video iache kwanza. Inakula mega, na wengi wa wateja wetu wananunua mega za siku. Picha moja na maneno machache inafunguka hata kwenye rezo dhaifu.

Mteja ambaye swali lake umelitumia mwombe ruhusa, hata kama hutaji jina lake. Ujumbe mfupi unatosha: "Mama, swali lako litasaidia wengine. Naweza kulitumia bila jina?" Akikataa, ngoja mpaka mwingine aulize lile lile. Utaulizwa tu.

## Hatua ya 8: Posti, kisha hifadhi

Chagua siku moja na usiibadilishe. Mimi naweka Jumatatu saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi na kabla hawajaanza kupika. Kama mtaa wako una delestaji ya kawaida saa hiyo, sogeza kabla yake, simu zikiwa bado na chaji.

Statasi ya WhatsApp inaondoka baada ya saa 24, na inaonwa tu na mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake naye amehifadhi yako. Ndiyo sababu fundi mwenye wateja mia mbili anaonwa na thelathini. Kila unapomaliza kazi, kabla hujaondoka, mwambie mteja ahifadhi namba yako mbele yako, nawe hifadhi yake. Kisha liweke somo lile lile kwenye ukurasa wako wa Facebook, ambako litabaki.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaisahau. Fungua WhatsApp Business, nenda kwenye vifaa vya biashara, ingia `Réponses rapides`, uweke somo zima na jina fupi la kuliita, kwa mfano:

```
/mzigo
```

Wiki ijayo mtu mwingine akiuliza, unaandika alama hiyo na neno hilo, somo linajitokeza, unatuma. Lakini mtumie kwanza lile swali la kutenganisha: "Inaanguka papo hapo, au baada ya muda?" Akijibu "baada ya muda", ndipo umpe `/mzigo`. Ukimpa kabla, umerudi kwenye kubahatisha.

## Hatua ya 9: Pima kwa ujumbe unaoingia

Usihesabu waliotazama wala waliobonyeza vidole gumba. Fungua kaye yako baada ya wiki nne ulinganishe ujumbe mpya na wa zile siku 14 za mwanzo.

Dalili ya kwanza nzuri ni kwamba maswali yanakuja na maelezo. Badala ya "fundi, dijonkta inaanguka", unapata "inaanguka palepale, na mlio, hata nikichomoa vyote". Mtu huyo amesoma, amejitenga na somo lisilo lake, na amekupa nusu ya uchunguzi bure. Unatoka nyumbani ukijua unakwenda kutafuta nyaya zilizogusana, na vifaa unavyobeba ni tofauti.

Ya pili ni maswali ya "tufanye nini" kugeuka kuwa "utakuja lini". Yule mama wa asubuhi aliishi wiki tatu kwa kupokezana resho na hita, kisha akaniita nimvutie njia ya pili.

Dalili mbaya zipo pia. Watu wakikuuliza jambo ambalo somo limeshalijibu, basi dalili uliyoiweka mwanzo haikuwa wazi. Andika upya aya ya kwanza tu, ulirudishe mwezi ujao. Mtu akikwambia amefanya kitu ambacho hukukusudia, futa somo siku hiyo hiyo, weka sahihisho ukisema wazi ni sentensi gani iliyokosewa, na umpigie yeye kwa sauti. Halafu badilisha na lile lililohifadhiwa kwenye `Réponses rapides`, maana nakala ile inabaki hata ukifuta statasi, nawe utaituma bila kukumbuka.

Jumapili inayofuata chukua kundi la pili kwenye kaye. Kwa wengi wetu litakuwa la ampuli zinazopepesa, na swali la kwanza la kumrudishia mteja ni hili: zinapepesa nyumba nzima, au chumba kimoja tu?